Ni buku tu kwa siku

Ramadhani, siku ya 12

Jana baada ya tarawehe tulizungumza barazani kuhusu kubeti, na baadhi yenu mkaomba yaandikwe.

Kijana mmoja wa bodaboda alisema, "Ustadhi, mimi naweka buku tu kwa siku. Na mwezi uliopita nilikula elfu ishirini na moja." Nikamwambia sawa, tupige hesabu.

Mkeka wake una mechi tano. Tufanye kila mechi ni nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Mkeka huo utatiki mara moja katika mara 32, basi mchezo wa haki ungemlipa 32,000 kwa buku yake. Lakini kwenye mechi ya nusu kwa nusu kampuni haiandiki odi ya 2, inaandika kama 1.85. Utaona ni kitu kidogo. Zidisha 1.85 kwa yenyewe mara tano, unapata 21 na ushei. Yaani ameweka 32,000, amerudishiwa kama 21,600. Elfu kumi imekwenda, na mkeka umetiki!

Kwa mwaka ni 365,000 alizoweka na, kwa wastani, kama 118,000 alizoliwa. Hapo ni kama kila anachokula anakiweka pembeni. Tukamuuliza ile elfu ishirini na moja iko wapi. Akacheka: aliirudisha humohumo ndani ya wiki. Basi kwa mwendo huo hasara inaelekea 365,000 zote.

Mzee mmoja akauliza, mbona hawaachi? Jibu liko kwenye hesabu ileile. Kukosa kwa mechi moja tu hutokea mara tano zaidi ya kushinda. Kwa hiyo kijana kila mara anaona alikaribia, kumbe mkeka wa mechi tano ndivyo ulivyo.

Allah katika Suuratul Maida, aya ya 90, ameitaja kamari pamoja na pombe. Na katika Al-Baqara, aya ya 219, hakukataa kuwa ina manufaa kwa watu. Amesema dhambi yake ni kubwa zaidi. Mtume (s.a.w.) naye, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, amemwamrisha anayemwambia mwenzake "njoo tucheze kamari" atoe sadaka. Huyo amealika tu, hajacheza. Na nyie mnaotumiana mikeka kwenye magrupu?

Kijana akabaki na swali: kwenye akaunti kuna elfu tisa, afanye nini? Nikamuuliza, yako ngapi? Nne aliweka mwenyewe, tano alikula. Zile nne ni mali yake, azitoe. Zile tano awape masikini, bila kunuia thawabu, maana anajisafisha tu. Na asizihesabu kwenye zakatul fitri. Akatoa simu palepale barazani.

Wassalaam alaykum.