Neno Moja la Ghadir Khum

Msunni na Mshia wa Kihesa, Iringa, wakikaa barazani, hawatabishana kwamba mwaka 632, pale Ghadir Khum, Mtume (S.A.W.) alimtaja Ali kuwa maula wa kila ambaye yeye ni maula wake. Watahitilafiana juu ya neno lenyewe, lile lililotupa sisi Waswahili "Mola". Kwa Shia, maula ni mwenye mamlaka. Basi kiongozi alikwisha teuliwa. Kwa Sunni, ni mpenzi na msaidizi. Basi ilikuwa halali watu kumchagua Abubakar pale Sakifa.

Hatimaye Ali alitoa baia, wala hakuchomoa upanga. Sunni huona ridhaa. Shia huona subira ya kuulinda umma. Je, haki iliyonyamaziwa kwa ajili ya umoja huacha kuwa haki?