Sababu Ilikuwa Imeandikwa

Kijana mmoja wa Morogoro alihitimu shahada ya uhasibu, akaanza kuomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Kila tangazo la wahasibu lilipotoka aliomba, kisha akashinda na simu mkononi akingoja kupigiwa. Hakupigiwa. Majina ya walioitwa kwenye usaili yalipowekwa kwenye tovuti, lake halikuwamo. Alipokosa mara nyingi akajipa jibu: asiye na mjomba serikalini hapati. Jibu hilo lilimtosha, maana halikumdai afanye lolote.

Siku moja aliingia steshenari karibu na stendi ya Msamvu kuskani vyeti kwa ajili ya ombi jingine. Dada wa pale, aliyezoea kuwajazia watu maombi, akamwuliza, "Kaka, mara ya mwisho walikukatalia nini?"

"Kwani huwa wanasema, dada? Unaona tu jina halipo."

"Hebu ingia kwenye akaunti yako."

Akaingia. Dada akamfungulia sehemu ya maombi aliyokwisha kutuma. Sababu ilikuwapo, na ilikuwa ileile kila mara: hakuambatisha cheti cha kidato cha nne. Alichokuwa akipakia ni hati ya matokeo, nayo matangazo hueleza wazi kwamba haikubaliki. Cheti chenyewe hakuwahi kukifuata tangu amalize shule.

Kesho yake alipanda basi hadi shuleni kwake, akasaini daftari, akakabidhiwa cheti. Akatoa nakala, akazipeleka kwa wakili zikathibitishwa kwa muhuri. Safari hii alilisoma tangazo mstari kwa mstari kabla ya kutuma, na hapo akagundua kosa la pili: barua yake ya maombi haikuwa na saini. Akaichapa upya, akaisaini kwa kalamu, ndipo akaiskani.

Orodha iliyofuata ilikuwa na jina lake. Aliitwa kwenye usaili wa mchujo, yaani mtihani wa kuandika, na akifaulu huo atakutana na usaili wa mahojiano. Kazi bado hajaipata. Ila sasa akishindwa, atakuwa ameshindwa kwenye uhasibu aliousomea, si kwenye karatasi aliyoiacha kabatini mwa mwalimu.

Huenda wenye wajomba wapo. Lakini mjomba wa mtu hakuiondoa saini kwenye barua ya kijana huyu. Anayetuma faili lenye kasoro ileile mara kumi ameomba mara moja tu, akakataliwa mara kumi. Wewe unayesubiri kuitwa, usingoje tangazo jipya. Fungua akaunti yako leo, usome sababu ya kukosa, uirekebishe, ndipo uombe tena.