Mahari Juu ya Daftari, Walima Chini

  

Kuna watu hapa chuoni wanaodhani kwamba kijana anayeandika mpango wa kuweka akiba ya harusi amepungukiwa na tawakuli. Eti ukitaka kuoa, oa, na Allah atafungua. Kweli Allah hufungua, na katika Sura ya An-Nur aya ya 32 amewaahidi mafakiri wanaooa kuwatajirisha kwa fadhila zake. Lakini aya inayofuata, ya 33, inamwambia yule asiyepata uwezo wa kuoa ajizuie mpaka Allah amtosheleze. Na katika Bukhari na Muslim tunasoma kutoka kwa Umar kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka mzima kutokana na mali ya Banu Nadhir. Hakuna aliyekuwa na tawakuli kumshinda yeye. Kwa hiyo swali la kuweka au kutoweka tuliache, tuangalie namna ya kuweka, maana huko ndiko sheria ina mengi ya kutuambia.

Ndugu mmoja aliyehitimu hapa Mbale, na sasa anafundisha katika shule ya binafsi, aliniletea daftari lake mwezi wa Juni 2025. Posa imekubaliwa, tarehe imewekwa: Jumamosi, 19 Desemba 2026. Ataweka pesa kila mwisho wa mwezi kuanzia Julai 2025 hadi Novemba 2026, yaani miezi 17. Bajeti yake ilikuwa shilingi 9,500,000 za Uganda. Katika hizo, 6,000,000 zingetoka kwenye mshahara wake, na 3,500,000 aliziandika "michango". Mstari wa kwanza ulikuwa ukumbi na mapambo. Mahari yalikuwa mstari wa mwisho kabisa, yamepangiwa Novemba.

Nilimuuliza kwa nini mahari yako chini. Akasema, "Ustadhi, mahari si hutolewa siku ya nikahi? Ukumbi ndio wanaotaka pesa mapema."

Hesabu yake ya siku ni sahihi, lakini mpangilio wa haki umepinduka. Mahari ni haki ya mke. Allah ameamrisha katika Sura ya An-Nisaa aya ya 4 wanawake wapewe mahari yao kwa moyo mkunjufu, na ruhusa ya mume kula chochote humo imefungwa kwenye ridhaa ya mwanamke mwenyewe. Yakicheleweshwa kwa makubaliano, akdi inasihi, ila mume anabaki na deni shingoni. Ukumbi hauna haki yoyote juu yako mpaka utakapoukodi. Pesa inayongoja Novemba ndiyo hiyo itakayoliwa Agosti mwenye hema akiomba arubuni, kisha Oktoba mpiga picha akiomba yake. Halafu siku ya nikahi bwana harusi anamwomba walii kwa sauti ya chini kwamba yaandikwe tu, atalipa baadaye. Hema limelipwa taslimu, na mwenye haki ya kwanza ameandikiwa deni.

Walima ni kinyume chake. Ni sunna iliyosisitizwa, na kuna wanazuoni walioiona wajibu, lakini kiwango chake kinanyumbuka. Mtume (s.a.w.) alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa kondoo mmoja, na Abdurrahman alikuwa mfanyabiashara. Walima wa Bi Safiyya ulikuwa tende, jibini kavu na samli juu ya mkeka wa ngozi. Bukhari amepokea pia kwamba mmoja wa wake zake alifanyiwa walima kwa vibaba viwili vya shayiri. Sasa, ukiwa na mistari miwili, mmoja haupungui bila ridhaa ya mwenyewe na mwingine unaweza kupungua hadi vibaba viwili, ule usiopungua ndio unaojazwa kwanza.

Basi tukaliandika daftari upya. Michango tuliifuta yote. Aliyeahidi kwenye kikao cha harusi ametoa ahadi, na itakuwa sadaka njema akiitimiza, lakini kwa kauli ya wanazuoni wengi huwezi kumdai kama unavyodai deni. Kitu usichoweza kukidai usikiandike kama pato. Ikija, itaingia kwenye walima.

Jumla mpya ni 6,000,000. Mahari 2,000,000, ambayo binti mwenyewe aliyataja. Nyumba 1,500,000, yaani kodi ya miezi mitatu, godoro, jiko na vyombo. Mavazi, usafiri wa upande wa mume na cheti cha ndoa 400,000. Dharura 300,000. Mwisho, walima 1,800,000: chakula cha watu 150 kwa shilingi 10,000 kila mmoja, na 300,000 za hema, viti na mpishi. Zawadi za kwanjula, ile gomesi ya senga na kanzu ya kaka wa binti, wazazi wake walisema watazibeba wao.

Kuhusu kiasi cha kila mwezi, kugawa 6,000,000 kwa 17 na kuandika namba ileile kila mstari ni kujidanganya. Mwalimu wa shule ya binafsi hapati mshahara kamili miezi yote. Katika miezi 12 ataweka 400,000. Januari 2026, shule zikiwa zimefungwa, ataweka 150,000 tu. Septemba 2025 na Septemba 2026, likizo ikila sehemu ya mshahara, ataweka 275,000. Machi 2026 ina Ramadhani na Idi, na Mei ina likizo nyingine na Idi ya kuchinja. Kila mmoja 250,000. Jumlisha, utapata 6,000,000 kamili. Kumbe Ramadhani haikuwa adui wa mpango, ilitaka tu kuandikwa.

Kwa mtiririko huu mwisho wa Novemba 2025 ana 1,875,000, na pesa ya Desemba inayakamilisha mahari, mwaka mzima kabla ya harusi. Mei 2026 nyumba imetimia, Juni mavazi na cheti, Julai dharura. Kuanzia hapo kila shilingi ni ya walima. Akikosa kuweka Aprili na Juni kwa sababu ya maradhi au mshahara kuchelewa, atapungukiwa 800,000, na pengo lote litaangukia kwenye walima: badala ya wageni 150 watakula 70. Hatakopa, na tarehe haitasogea. Kipimo tulichokiweka ni mwisho wa Juni 2026. Siku hiyo anatakiwa awe na 4,125,000. Zikiwa chini, wazee wa pande zote mbili wanaambiwa mwezi uleule idadi mpya ya wageni, wakati kadi bado hazijachapwa.

Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira kisa cha bwana aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akisema ameoa mwanamke wa Kiansari kwa uqiya nne za fedha. Mtume alishangaa, kama kwamba watu wale wanachonga fedha kutoka ubavuni mwa mlima, akamweleza kuwa wakati huo hawana cha kumpa, ila huenda akatumwa kwenye msafara akapate kitu. Uqiya moja ni dirhamu 40, kwa hiyo ni dirhamu 160. Wake za Mtume wenyewe walipewa dirhamu 500, kama alivyosimulia Bi Aisha. Kwa hiyo mshangao haukuwa juu ya namba peke yake. Ulikuwa juu ya mtu aliyejifunga kwa namba hiyo hali hana kitu mkononi.

Pesa itakaa wapi? Ndugu yetu alikuwa kwenye kikundi cha kuweka na kukopa ambacho hugawana faida kila Desemba. Faida ile inatoka kwa wanachama waliokopa wakarudisha na nyongeza. Hiyo ni riba, na kubadilisha jina lake kuwa "gawio" hakuisafishi. Kwenye simu hakuna tatizo la riba pesa ikikaa tu, ila serikali hukata asilimia 0.5 unapotoa, kwa 6,000,000 ni 30,000, mbali na ada ya wakala, na hizo ni sahani tatu za wageni. Tangu 2023 Uganda ina benki yenye leseni kamili ya Kiislamu, Benki ya Salaam. Asiyeifikia anaweza kuingia upatu wa watu anaowaamini, ambapo kila mmoja anapokea kiasi kilekile alichotoa. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameuruhusu kwa kuwa ni mkopo usio na nyongeza. Angalizo langu ni moja: zamu yako isiwe baada ya harusi.

Limebaki jambo ambalo sijaliona kwenye daftari la kijana yeyote, nalo ni zaka. Wengi hudhani pesa ya harusi imesamehewa kwa sababu "ina kazi". Haikusamehewa. Ni pesa taslimu iliyo mikononi mwako, na hata ukimpa walii aishike kama amana, kabla ya akdi bado ni mali yako. Ikifika nisabu na ikakaa mwaka wa Hijria bila kushuka chini yake, ina zaka ya asilimia 2.5. Mwaka unaanza siku akiba inapofika nisabu, wala si siku ya kuweka shilingi ya kwanza.

Tuchukue nisabu ya fedha, gramu 595, ambayo ina maslahi zaidi kwa mafakiri. Wapo wanaopima kwa dhahabu, gramu 85, na kwa kipimo hicho akiba hii haifiki. Tuseme gramu ya fedha ni shilingi 4,000. Nisabu ni 2,380,000. Ndugu yetu, ambaye hana akiba nyingine, atavuka hapo mwisho wa Januari 2026 akiwa na 2,425,000, katikati ya Shaabani 1447. Mwaka wake utatimia Shaabani 1448, yaani Januari 2027. Harusi iko Desemba, katika Rajabu, na pesa itakuwa imetumika. Hana zaka juu yake.

Lakini tarehe ikisogezwa hadi Februari 2027 kwa sababu shangazi fulani anataka ukumbi mkubwa zaidi, zile 6,000,000 zitapitiwa na mwaka zikiwa zimekaa, na atatoa 150,000 kuwapa wanaostahiki. Bei ya fedha hubadilika, kwa hiyo aangalie bei ya siku ile ile ya mwisho wa Januari, aandike tarehe ya Hijria pembeni ya mstari huo. Ameshauacha wazi kwa kalamu nyekundu.

Wallahu aalam.