Dozi Iliyoisha na Dozi Isiyoisha

Kisa hiki ni cha kutungwa, ila hakuna lililomo ndani yake ambalo madaktari hawajalikuta kwa wagonjwa wao.

Mama lishe mmoja wa Tanga, mwenye umri wa miaka 38, alianza kuchoka. Hakuwa mtu wa kuchoka. Alizoea kuamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa chapati, lakini sasa kila alipoinuka kutoka kwenye kigoda, kichwa kilizunguka na macho yakaingia giza. Nguo zikaanza kumpwaya. Kwa miezi kadhaa alitibiwa malaria, kisha UTI, kisha vidonda vya tumbo kwa sababu ya kichefuchefu, na kila matibabu yalimpa nafuu ya siku mbili tatu tu.

Majirani waliona mambo mawili wakayatafsiri wenyewe. La kwanza, alipenda chumvi kupita kiasi: embe bichi alilichovya kwenye chumvi mpaka likawa jeupe, na embe lilipokwisha aliramba chumvi iliyobaki kwenye sahani. Wakasema ana mimba. La pili, ngozi yake ilizidi kuwa nyeusi, hata sehemu zisizopigwa na jua. Wakasema ni moshi wa jikoni, wengine wakasema amelogwa.

Kikohozi kilipoongezeka alipimwa makohozi, akakutwa na kifua kikuu. Familia ilifurahi kwamba hatimaye ugonjwa umejulikana. Akaanzishiwa dawa za miezi sita. Wiki ya pili, badala ya kupata nguvu, alianza kutapika, tumbo likamuuma vibaya, na asubuhi moja akaanguka uani. Ndugu walisema dawa zimemzidi nguvu, wakataka asimeze tena.

Hospitalini presha yake ilikuwa 70 kwa 40. Akawekewa lita nzima ya maji ya chumvi kwa dripu, presha ikapanda kidogo tu. Majibu ya damu yalionyesha sodiamu 118, wakati kawaida ni 135 hadi 145, na potasiamu 6.1, wakati inatakiwa isipite 5 kwa mbali. Sukari nayo ilikuwa chini. Hapo daktari akamwuliza mdogo wake: “Dada yako alikuwa na rangi hii siku zote?” Mdogo mtu akatoa simu na kuonyesha picha ya harusi ya mwaka uliopita. Daktari akaitazama, kisha akakunjua viganja vya mgonjwa. Mistari ya viganja ilikuwa imeiva weusi, vifundo vya vidole vivyo hivyo, na kovu la zamani la kuungua mkononi lilikuwa jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka. Kwenye fizi na kingo za ulimi kulikuwa na madoa kama ya wino.

Kwa mtu mweusi, fizi zenye madoa peke yake hazithibitishi kitu, kwa kuwa wengi wetu tumezaliwa nazo. Kinachotakiwa kuulizwa ni kama rangi imebadilika, na wa kujibu ni ndugu au picha ya zamani.

Daktari alichukua damu ya kupima kotisoli na, bila kusubiri jibu, akamchoma haidrokotisoni miligramu 100 kwenye mshipa, huku maji ya chumvi yakiendelea pamoja na sukari. Jioni mgonjwa aliketi kitandani akaomba uji. Jibu lilipokuja, kotisoli ilikuwa nanomoli 60 kwa lita. Mtu aliyezidiwa namna ile kiwango chake hutakiwa kuwa juu sana, na hata kwa mtu mzima wa afya, asubuhi, kikiwa chini ya 140 huwa kuna shaka kubwa. Tezi zake za adrenali zilikuwa karibu zimekufa kabisa.

Tezi hizi ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo yake. Hutengeneza kotisoli, inayoulinda mwili wakati wa homa, jeraha au njaa, na aldosteroni, inayozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Mwili una akiba kubwa ya tezi hizi, kiasi kwamba dalili huchelewa mpaka karibu asilimia 90 iwe imeharibika. Aldosteroni ikikosekana, chumvi hutoka na mkojo, presha hushuka, na mtu hutamani chumvi bila kujua kwa nini. Kotisoli ikikosekana, ubongo huzidi kupeleka amri ya kuziamsha tezi, na homoni hiyo ya amri ndiyo inayotia ngozi weusi.

Aliyeueleza ugonjwa huu kwanza ni daktari Mwingereza Thomas Addison, wa Hospitali ya Guy jijini London, katika kitabu alichokitoa mwaka 1855. Alieleza wagonjwa 11, na katika uharibifu alioukuta kwenye tezi zao, kifua kikuu kilikuwa na sehemu kubwa. Vijidudu vya kifua kikuu husafiri kwa damu kutoka mapafuni na hupenda kutulia kwenye tezi hizi. Katika nchi zilizopunguza kifua kikuu, sababu kuu sasa ni nyingine: kinga ya mwili huzigeukia tezi na kuzishambulia kama adui. Huko, hiyo ndiyo sababu ya wagonjwa wapatao wanane hadi tisa katika kila kumi. Rais John F. Kennedy wa Marekani aligunduliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1947 baada ya kuzidiwa akiwa London, na baadaye tezi yake ya shingoni nayo ikaonekana dhaifu. Kwenda pamoja kwa magonjwa haya ni alama ya kinga iliyogeuka, na ndiyo maana mgonjwa wa aina hiyo hupimwa pia tezi ya shingo na kisukari. Kwetu sababu zote mbili zipo, na kifua kikuu bado ni cha kufikiriwa mapema. Virusi vya UKIMWI, maambukizi ya fangasi, saratani iliyosambaa, na damu kuvuja ndani ya tezi huongeza idadi.

Kwa nini basi mama huyu alianguka baada ya kuanza dawa, si kabla? Kwa sababu ya rifampisini, ile inayogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Rifampisini huliamsha ini, na ini lililoamshwa huivunja kotisoli kwa kasi. Mwenye tezi nzima hutengeneza zaidi, wala hahisi kitu. Yeye alikuwa akiishi kwa kotisoli kidogo iliyobaki, na dawa ikaimaliza. Rifampisini haikuwa na kosa, na kuiacha kungemwua kwa kifua kikuu. Kilichotakiwa ni kuijaliza kotisoli.

Akaendelea na dawa za kifua kikuu, akaongezewa vidonge vya haidrokotisoni: miligramu 20 asubuhi anapoamka, 10 mchana na 10 jioni, yaani karibu mara mbili ya mahitaji ya kawaida, kwa sababu ya rifampisini. Pamoja navyo, kidonge kimoja cha fludrokotisoni cha miligramu 0.1 kila siku kushika nafasi ya aldosteroni. Uzito ukarudi, hamu ya chumvi ikaisha, akarudi kwenye chapati zake.

Siku ya kuruhusiwa aliambiwa: “Mama, ukimaliza dawa za TB tutapunguza hizi nyingine.” Kauli ilikuwa sahihi. Rifampisini ikiisha, ini hutulia katika wiki mbili hivi, na dozi ya haidrokotisoni hushushwa, kwa mtu mzima kuwa kati ya miligramu 15 na 25 kwa siku. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba kupunguza si kuacha. Kifua kikuu hupona, tezi iliyogeuka kovu kwa kawaida hairudi.

Miezi sita ilipotimia, kadi yake ya kifua kikuu ikafungwa na wauguzi wakampongeza. Alikuwa amemaliza dozi, na kumaliza dozi ndiyo sifa aliyofundishwa tangu siku ya kwanza. Isitoshe, shoga yake alikuwa amemwonya kwamba vidonge vile ni steroidi, na steroidi huvimbisha uso na kuozesha mifupa. Akavifunga kwenye mfuko wa karatasi, akavitia kabatini. Siku chache baadaye alikula chakula kilichoharibika, akaanza kuharisha na kutapika. Dukani wakamwuzia dawa ya kuzuia kutapika na maji ya chumvi na sukari. Usiku wa pili alikuwa haongei vizuri. Alifia njiani, kwenye bajaji, kabla ya kufika hospitali.

Shoga hakusema uongo wote. Steroidi zikizidi hudhuru, na hata mgonjwa huyu akipewa nyingi mno atanenepa, presha na sukari vitapanda. Lakini dozi ya kujaliza ni kile kiasi ambacho mwili wenyewe ungekitengeneza. Mahali ambapo vidonge vya haidrokotisoni havipatikani, daktari anaweza kutumia prednisoloni miligramu 3 hadi 5 kwa siku. Dozi hupimwa kwa kuangalia uzito, presha ya mtu akiwa amelala na akiwa amesimama, na sodiamu na potasiamu kwenye damu.

Mama yule angeokolewa na mambo machache. Homa ikipita nyuzi 38, haidrokotisoni huongezwa mara mbili. Ikipita 39, mara tatu, mpaka mtu apone, kisha hurudi dozi yake. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, ameze tena. Akiendelea kutapika au kuharisha sana, kidonge hakimfai kitu. Anahitaji sindano ya haidrokotisoni miligramu 100, hata kwenye msuli wa paja, kisha maji ya chumvi hospitalini. Kabla ya upasuaji na wakati wa kujifungua lazima waambiwe, maana hapo dawa huongezwa: Kennedy alipopasuliwa mgongo mwaka 1954, alipewa dawa hizi kwa uangalizi maalumu. Anayetaka kufunga Ramadhani azungumze kwanza na daktari wake, kwa kuwa kukaa mchana kutwa bila maji na bila dozi ya mchana ni hatari kwake.

Kwa hiyo, ewe unayemwuguza ndugu wa namna hii, andika leo kikaratasi akae nacho pamoja na kitambulisho: “Tezi zangu za adrenali hazifanyi kazi. Nikizidiwa, nipeni haidrokotisoni miligramu 100 kwa sindano na maji ya chumvi mara moja. Msisubiri vipimo.” Nawe muuguzi unayefunga kadi ya kifua kikuu, kabla hujampongeza mgonjwa, mwulize ana vidonge gani vingine, kisha umtajie kwa jina vile ambavyo hatakiwi kuviacha mpaka siku ya kufa kwake.