Wazo la Leo: Muuguzi Anapoaga

Muuguzi wa zahanati binafsi Makurunge, Bagamoyo, amepata nafasi ya shahada. Barua yake ya kuacha kazi itaje tarehe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 28, yenye sababu na tarehe inapotolewa. Akiikabidhi 1 Septemba, aandike: “Notisi yangu inaanza kuhesabiwa 2 Septemba; siku yangu ya mwisho kazini ni 29 Septemba.” Akiandika “mwishoni mwa mwezi”, mganga mfawidhi atapangaje zamu za usiku?

Wengi huteleza kwenye likizo: notisi haitolewi mtu akiwa likizo, wala siku za likizo haziingii ndani ya zile 28.

Shukrani nazo ziwe na sura. “Nakushukuru kwa kusimama nami usiku ule mama alipotokwa damu nyingi baada ya kujifungua” humgusa mganga kuliko “asante kwa yote”. Kisha aahidi kukabidhi rejista ya chanjo na funguo za kabati la dawa, na aombe cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake.