Suluhu ya Washirika wa Duka Kabla ya Kufungwa Mlango

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo katika vifua na yaliyo katika madaftari. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, katika nchi ya Masasi na Newala ugomvi wa washirika huzuka sana katika miezi ya korosho, kwa kuwa katika miezi hiyo mali ya duka huwa imetoka mlangoni na malipo bado hayajarudi. Mkulima huchukua sukari, chumvi na kanga kwa ahadi ya kulipa korosho ziuzwapo mnadani. Fedha zikikawia, mshirika mmoja humtazama mwenziwe kwa jicho baya, naye mwenziwe hujibu kwa maneno makali. Wazee huitwa, na mara nyingi husema, “Gawaneni nusu kwa nusu, mpeane mikono.” Neno hilo lina nia njema, lakini katika madhehebu ya Imamu Shafii lina kasoro: suluhu haisihi mbele ya kukana. Husihi juu ya ikrari, yaani haki ijulikane na ikubaliwe kwanza, ndipo mwenye haki asamehe apendacho. Kwa hiyo hesabu hutangulia, na kupeana mikono hufuata.

Na iwekwe mfano wa watu wawili. Mmoja alikaa Masasi, akinunua bidhaa na kuzipeleka. Mwenziwe alikaa dukani Newala, akiuza. Wa Masasi alitoa shilingi 6,000,000, na wa Newala 4,000,000, wakachanganya mali yao. Kila mwezi waligawana faida iliyopatikana, mafungu 6 kwa 4, na rasilmali ikabaki pale pale.

Ikaja korosho ya mwaka 2018. Bei za wanunuzi mnadani zilikuwa ndogo, wakulima wakakataa kuuza, na mwezi wa Novemba Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kila kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya. Lakini kabla ya kulipwa, wakulima walihakikiwa, ili wenye kangomba, wanunuao korosho za wenziwao kwa bei ya chini nje ya chama, wasijipenyeze. Malipo ya wengi yakachelewa. Mtu mwaminifu aliyekuwa na magunia ghalani akawa hana hata fedha ya chumvi.

Wa Masasi akapanda Newala, akafungua sanduku, akakuta shilingi 1,200,000. Akasema mbele ya wateja, “Mali yangu imeliwa.” Na huo ndio mwanzo wa kuharibika duka, kwani mteja aliyeweka amana yake dukani husikia, akaja mbio kuitaka, na mteja mwenye deni husikia pia, akatulia nyumbani angoje kuona nani atakayebaki.

Mtu mwenye busara, asiyedai wala kudaiwa na yeyote kati yao, akawaketisha usiku baada ya sala ya isha. Akaanza kwa kuzitoa amana za wateja, akazifunga mbali, maana hizo si mali ya washirika wala hazihesabiwi. Kisha bidhaa za rafuni zikahesabiwa kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia, zikawa 3,900,000. Pamoja na fedha za sandukuni ikawa 5,100,000. Ikapungua 4,900,000, na hiyo ndiyo iliyoitwa wizi.

Daftari la madeni likafunguliwa. Madeni ya wakulima, kwa bei ya kununulia, yalikuwa 3,400,000. Hapo pakazuka swali ambalo ndilo shina la shauri lote: je, wa Newala alikuwa na ruhusa ya kukopesha? Kwani mshirika ni wakili wa mwenziwe, na wakili hauzi kwa mkopo illa kwa idhini. Akiuza bila idhini, humlazimu kuidhamini sehemu ya mwenziwe. Kunyamaza kwa mwenziwe si idhini. Wa Masasi akaulizwa kwa jina la Mungu, akakiri kwamba mwaka uliotangulia alisema, “Wape, watalipa baada ya mnada.” Basi madeni yakawa ya duka, si ya mtu mmoja; na wadaiwa walikuwa katika dhiki, nayo Kurani imeamuru mwenye dhiki angojwe mpaka apate wasaa.

Ikabaki 1,500,000. Wa Newala akatoa vipande vya karatasi ya katoni alivyoandika unga na kanga alizochukua kwa nyumba yake: 600,000. Hakuwa ameficha, lakini pia hakuwa amesema. Na wa Masasi naye akakumbushwa mzigo wa 450,000 alioubakiza Masasi, haukufika Newala kamwe. Akaukubali, na uso wake ukabadilika. Zilizobaki bila maelezo ni 450,000 tu. Katika hizo mshirika ni mwenye amana, na neno lake hupokewa pamoja na kiapo, maadamu hakuna ushahidi wa khiyana. Wa Newala akaapa, na hasara ikafuata rasilmali: 270,000 kwa wa Masasi, na 180,000 kwa wa Newala.

Wa Newala akataka ujira wa kukaa dukani. Akajibiwa kwamba ushirika ukisihi hauna ujira usioahidiwa, na faida haiongezwi kwa ajili ya kazi, bali hufuata mali. Kama walitaka hivyo, ilipasa mapatano ya ujira yawe mbali na mapatano ya ushirika. Jambo hili huumiza wengi, kwani akaaye dukani huona jasho lake halina bei. Kheri lisemwe siku ya kwanza.

Ndipo ikaja zamu ya suluhu. Katika zile 600,000 zilizoingia nyumbani kwa wa Newala, fungu la wa Masasi lilikuwa 360,000, na deni hili lilikwisha kukiriwa. Mpatanishi akawasimulia habari ya Kaab bin Malik, aliyemdai Ibn Abi Hadrad msikitini hatta sauti zao zikamfikia Mtume nyumbani mwake. Mtume akafunua pazia, akamwashiria Kaab asamehe nusu. Kaab akakubali, na mdaiwa akaamriwa ainuke alipe. Wa Masasi akasamehe 180,000, na wa Newala akalipa 180,000 usiku ule ule, kwa fedha yake mwenyewe. Mafungu yakabaki 6 kwa 4, kama awali.

Yote yakaandikwa nakala mbili, yakatiwa sahihi na mashahidi wawili. Kwani Tanzania Bara haina mahakama ya kadhi yenye nguvu ya dola tangu miaka ya 1960, na aliyepatana kwa mdomo tu hana cha kuonyesha mbele ya hakimu. Ikaandikwa pia kwamba madeni ya wakulima yatapokewa na mtu mmoja, wa Newala, kwa stakabadhi, asije mteja akamlipa mmoja na mwingine akamdai tena. Na kwamba mzigo wa Masasi uletwe ndani ya siku 7.

Asubuhi duka likafunguliwa saa yake ya kila siku. Wa Masasi akakaa nje barazani mpaka adhuhuri, akiwaamkia wateja, ili walioyasikia maneno yake ya jana wamwone pale. Wenye amana waliozitaka wakapewa siku hiyo hiyo, na wengine wakaziacha.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.