Tarehe Ndiyo Kaburi

Mama mdogo wangu anaishi Misiera, kule Nakivale. Mimi nipo hapa Mbarara. Baba mdogo alizikwa Goma mwishoni mwa Januari 2025, siku zile M23 walipoingia mjini. Mama mdogo hajaliona kaburi. Hana pa kung'oa nyasi wala pa kuweka ua, kwa hiyo tarehe ndiyo kaburi lake.

Mwaka wa kwanza ulipotimia nilimwandikia alfajiri, kabla hajawasha makaa. Niliandika "jipe moyo", nikafuta. Moyo ameshajipa mwaka mzima! Nikaandika "unaendeleaje?", nikafuta pia, maana swali humdai mfiwa jibu. Mwishowe nikatuma hivi: "Mama mdogo, jambo. Leo namkumbuka baba mdogo, alivyokuwa akipaka gurudumu la chukudu mafuta huku akipiga mluzi. Usijisumbue kujibu."

Mchana kutwa kimya. Jioni ikaja sauti yake kwenye simu, fupi: "Mluzi ule hakuujua vizuri, alikuwa anakosea." Akacheka kidogo.

Kama leo kuna wa kwenu mwenye tarehe kama hiyo, mwandikie sasa, na umtaje marehemu kwa jina.